Shajara ya mradi: herufi za kigothi kwenye chupa ya tangawizi

3 Machi

Mteja ana vinywaji viwili. Cha kwanza ni kinywaji cha tangawizi chenye gesi, kisicho na kileo hata tone, kinachoitwa Mzizi. Kitatoka kwa ladha tatu: Kali, Asali na Limau. Cha pili ni pombe kali ya mitishamba, chungu, ya kunywa kidogo kidogo baada ya mlo. Anataka vyote viwili vivae herufi za kigothi, yaani zile herufi nzito zenye kona kali za vitabu vya kale vya Ulaya. Hoja yake ni kwamba bidhaa ikiandikwa hivyo inaonekana ina asili na imetengenezwa na mtu anayejua kazi yake.

Amekuja na mfano alioutengeneza mwenyewe kwa ajili ya Mzizi: chupa ya kahawia ya mililita 330, kifuniko cha chuma cha kubana, lebo nyeusi, na jina kwa rangi ya dhahabu. Imependeza, sibishi. Tatizo ni kwamba nikiiweka mezani na kurudi nyuma hatua chache, ninachokiona ni bia.

Nimemwomba tusianze kwa kuuliza kama herufi ni nzuri au mbaya. Tuanze kwa kuuliza zinamwambia mnunuzi kilichomo ni kitu gani, kabla hajasoma neno hata moja. Amekubali, ila amenionya: "Fanya uchunguzi wako, mwalimu, lakini usije ukaniletea herufi kama za risiti."

6 Machi

Nimeanza kwa kuchambua kinachoitwa "kigothi", maana mteja analitumia jina hilo kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Kuna koo nne, na kila ukoo una historia yake na sauti yake rafuni.

Tekstura ndiyo ya zamani zaidi kwenye chapa. Ndiyo aliyoitumia Gutenberg kuchapa Biblia yake mjini Mainz karibu mwaka 1455. Nguzo zake ni wima, zimebanana, na nafasi ya ndani ya herufi inakaribia kulingana na unene wa nguzo, kwa hiyo ukurasa mzima unaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Waingereza waliendelea nayo kwa muda mrefu. Hata Biblia ya King James ya 1611 ilichapwa kwa herufi za ukoo huu. Siku hizi mtu wa kawaida anaiona sehemu tatu: kwenye vyeti vya kuhitimu, kwenye majina ya magazeti makubwa kama New York Times, na kwenye chale za mwilini, fulana za wanamuziki wa hip hop na kazi za wachoraji wa ukutani wa Los Angeles. Ukiiweka kwenye kifungashio, unachagua mojawapo ya hizo tatu, utake usitake. Ikiwa nyembamba na nyeusi juu ya karatasi ya maziwa, inakuwa cheti. Ikiwa nene na nyeupe juu ya nyeusi, inakuwa chale.

Rotunda ilikuwa ya Italia na Uhispania. Kona zake zimelainika, matumbo ya herufi ni mapana, na msomaji wa leo anaisoma bila kukunja uso. Kwa sababu haikubebwa na magazeti wala bendera ya mtu yeyote katika karne ya 20, haina mizigo mingi.

Schwabacher ilitawala vitabu vya Kijerumani kuanzia miaka ya 1480 hadi Fraktura ilipoipiku. Tafsiri ya Agano Jipya ya Luther ya 1522 ilichapwa kwa herufi hizo. Kwenye vifungashio haionekani sana, nami sitaigusa.

Fraktura ndiyo aliyoileta mteja. Ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 16 katika mazingira ya Kaisari Maximilian I, na kitabu kinachotajwa sana kama mfano wake ni Theuerdank cha 1517. Nguzo zake zinapinda na kuvunjika, na herufi kubwa zina mikunjo kama pembe za kondoo dume. Wajerumani waliitumia kwa vitabu, magazeti na vibao vya maduka hadi katikati ya karne ya 20, na ikabaki kwenye vibao vya baa na lebo za bia hata baada ya vitabu kuiacha. Ndiyo maana ikitua kwenye chupa ya kahawia inasema bia, na inasema Ujerumani, kwa pamoja.

Hilo la mwisho nataka kulitenganisha, kwa kuwa ni madai mawili. Ushahidi mzuri ni chupa ya bia ya Corona. Jina lake limeandikwa kwa herufi zenye asili ya kigothi, lakini sijakutana na mtu anayeiona na kufikiria Ujerumani. Kioo cheupe, kinywaji cha njano, na maandishi ya buluu vimefuta nchi. Ila havijafuta bia. Kwa hiyo nchi inaweza kuondolewa kwa rangi na kioo, wakati aina ya bidhaa inang'ang'ania palepale. Kwa Mzizi hii si habari njema.

11 Machi

Jaribio la kuangalia haraka. Njia ni rahisi na haina gharama: unachapa lebo kwa ukubwa wake halisi, unaivisha chupa, unamwonyesha mtu kwa sekunde mbili au tatu kisha unaificha. Humuulizi ameipenda au la. Unamuuliza kilichomo ni nini, na angeitafuta kwenye rafu gani dukani.

Ile chupa ya mteja ilijibiwa bia na karibu kila mtu. Waliobaki walisema pombe kali. Hakuna aliyetaja tangawizi, ingawa neno tangawizi lilikuwepo kwenye lebo, dogo, chini ya jina.

Hapo ndipo wabunifu wengi wanaposimama na kuilaumu herufi. Mimi nilitaka kujua kosa ni la nani hasa, kwa hiyo nikabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nilianza kwa kuacha chupa, rangi na kifuniko vilevile, nikaweka jina kwa herufi za kawaida za Kirumi zenye vikia, kama za vitabuni. Bia bado ilitajwa, lakini majibu yalitawanyika: wengine walisema soda ya kahawia, wengine sharubati ya dawa. Kisha nikairudisha Fraktura na kubadilisha chupa iwe ya kioo cheupe, kinywaji kikionekana. Pombe ilitajwa tena na wengi, safari hii ile ya kutiwa matunda. Mwisho nikaweka chupa nyeupe pamoja na herufi za Kirumi. Bia ikatoweka kabisa.

Nilichojifunza ni kwamba chupa ya kahawia peke yake inatia shuku, na Fraktura peke yake inatia shuku zaidi, lakini zikikutana hazijumlishwi tu, zinathibitishana. Mtu akiona dalili moja anaacha nafasi ya jibu lingine. Akiona mbili zinazokubaliana, anafunga faili na hasomi tena. Ndiyo sababu kuandika "hakina kileo" kwa herufi ndogo chini hakusaidii: maneno hayo yanamfikia mtu ambaye ameshaamua.

Na hapa madhara si ya nadharia. Mzazi anayemnunulia mtoto ataipita. Asiyekunywa pombe kwa sababu ya imani au afya hatainyooshea mkono. Mpanga rafu ataipeleka upande wa vileo, na anayetafuta bia ataifungua na kukuta tangawizi. Bidhaa inapoteza wateja wa pande zote mbili.

12 Machi

Simu fupi na mteja. Nimemweleza matokeo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na ile pombe ya mitishamba?"

Ile ni kesi nyingine kabisa, na nimefurahi ameuliza. Nimeijaribu kwa njia hiyohiyo: chupa ya kijani iliyokolea, lebo ya rangi ya maziwa iliyozeeka, jina kwa Fraktura nyeusi ya uzito wa kati. Watu walijibu mara moja kuwa ni pombe ya mitishamba, chungu, na wengine wakataja Jägermeister kwa jina. Hicho ndicho kilichomo. Hapa herufi haiongopi. Tena inafanya kazi ambayo herufi nyofu za kisasa, zile zisizo na vikia, zingeshindwa kuifanya bila picha na maelezo mengi, kwa sababu aina hii ya kinywaji imevaa herufi hizi kwa muda mrefu kiasi kwamba mnunuzi huzitumia kama alama ya rafu.

Kuna hatari ya kufanana mno na mshindani, nayo ni ya kweli, lakini ni suala la kutofautisha bidhaa, si la kupotosha. Tutalimaliza kwa rangi na mchoro. Fraktura inabaki kwenye pombe ya mitishamba, na sitaizungumzia tena isipokuwa kuna jambo.

17 Machi

Mteja ametuma wazo jipya la toleo la Kali. Anasema likiitwa Kali lazima lionekane kali: lebo nyekundu, duara jeupe katikati, jina kwa herufi nyeusi za kigothi, nene, nyofu, bila mikunjo. Na upande wa mbele, kwa ukubwa, "18%", maana toleo hili lina asilimia 18 ya maji ya tangawizi.

Nimempigia badala ya kumwandikia, kwa kuwa hili si la kubishana kwa ujumbe. Hakuwa na nia yoyote mbaya. Aliunganisha vitu vinne ambavyo kila kimoja kina sababu. Lakini kwa pamoja vinaonekana kama bango la Wanazi.

Nitaandika hapa mpangilio wa hoja, kwa sababu swali hili litarudi kwenye kazi nyingine.

Kihistoria, kigothi si herufi za Wanazi. Zina umri wa karne nyingi kabla yao. Zaidi ya hapo, tarehe 3 Januari 1941 Martin Bormann alitoa waraka kwa niaba ya Hitler ulioziondoa kwenye matumizi rasmi, ukizisingizia kuwa ni "herufi za Kiyahudi za Schwabacher". Madai hayo hayakuwa na msingi wowote. Kinachochekesha kwa uchungu ni kwamba karatasi yenyewe ya waraka huo ilikuwa na kichwa kilichochapwa kwa kigothi. Herufi za Kirumi zikawa ndizo za kawaida.

Wabunifu wanaipenda habari hii na huitoa kama kinga: tazama, wao wenyewe walizipiga marufuku. Kwenye semina inafaa. Rafuni haifai kitu, kwa sababu mnunuzi hajasoma waraka wa 1941. Amezoea filamu na majalada ya vitabu ambamo kigothi juu ya nyekundu na nyeusi ndiyo njia ya mkato ya kusema Reich ya Tatu, yaani utawala wa Wanazi.

Halafu kuna tofauti ambayo hoja hiyo inaificha. Katika miaka ya 1930 viwanda vya herufi vya Ujerumani vilitoa aina mpya ya kigothi: mikunjo imekatwa, nguzo zimenyooka kama rula, uzito umeongezwa. Tannenberg na Element ni mifano. Wachapaji Wajerumani walizibandika jina la dhihaka lililozifananisha na buti za askari. Aina hizi kweli ni za enzi ile, na ziliandikwa kwenye mabango na vibao vya enzi ile. Kwa hiyo mteja anapoomba kigothi "nene, nyofu, bila mikunjo" ili kiwe cha kisasa, anakisogeza kuelekea mahali pabaya kabisa. Jambo hili linamshangaza kila ninayemweleza: kadiri unavyoifanya Fraktura kuwa nyofu na rahisi, ndivyo inavyozidi kunuka miaka ya 1930. Mikunjo na vikia vya zamani, ambavyo vinaonekana kama mapambo ya kupunguzwa, ndivyo vinavyoirudisha karne za nyuma.

Nyekundu, nyeupe na nyeusi ni rangi za bendera ya Wanazi, na duara jeupe juu ya nyekundu linamalizia. Nambari 18 ni jambo ambalo mteja hakulijua: wafuasi wa mrengo huo huitumia kama msimbo wa herufi ya kwanza na ya nane, A na H, na 88 kwa H mbili. Peke yake 18 ni nambari tu, haina kosa. Ikiwa kubwa, karibu na kigothi, juu ya rangi hizo, kuna watu watakaoiona kama salamu, na wabaya zaidi ni wale watakaoifurahia. Ukifanya kazi na kigothi, angalia uzito wa bidhaa, kiasi cha nishati na mwaka wa kuanzishwa kabla ya kuchagua kipi kitakuwa kikubwa mbele.

Mteja amesikiliza mpaka mwisho. "Basi toa yote," akasema. Sikutoa yote. Asilimia 18 imehamia nyuma, kwenye orodha ya viambato, kwa herufi nyofu za kisasa. Nyekundu imekuwa rangi ya pilipili inayoelekea chungwa, bila nyeusi wala duara.

20 Machi

Leo ni kazi ya kusoma, si ya hisia. Nimeandika majina ya ladha zote tatu kwa Fraktura na kwa Tekstura, nikawapa watu wayasome kwa sauti.

Kali kwa Fraktura ilisomwa "Rali". Herufi kubwa ya K na ya R katika Fraktura zinatofautiana kwa kijikato kidogo tu katikati, na asiyezoea hakioni. Asali ilisomwa "Usali", kwa sababu A kubwa ya Fraktura iko wazi juu na inafanana na U. Nilijaribu pia kufuata kanuni ya zamani ya Kijerumani inayotaka s ya katikati ya neno iandikwe kwa umbo refu. Matokeo yake yakawa "Ufali". Herufi mbili kati ya tano zimepotea, na neno limepotea nazo. Mpenzi wa historia atasema s ndefu ndiyo sahihi. Kwa kitabu cha Kijerumani cha zamani, sawa. Kwa lebo inayosomwa leo kwa lugha nyingine, s fupi popote.

Fonti kadhaa za kisasa zina maumbo mbadala ya herufi hizi zinazochanganya. UnifrakturMaguntia, ambayo ni ya bure, ni mojawapo. Zinasaidia, lakini ukishabadilisha A, K na S zote, mtu anayeijua Fraktura anaona kiraka.

Kwenye Tekstura tatizo liko kwingine. Herufi i, m, n na u zote zimejengwa kwa nguzo fupi zilezile zilizosimama sambamba. Limau ina nguzo moja ya i na tatu za m zikifuatana, halafu a, halafu mbili za u. Ukiondoa nukta ya i, hakuna anayejua herufi moja inaishia wapi. Waandishi wa zama za kati waliliona tatizo hilihili, na alama juu ya i ilianza kutumika kwa ajili hiyo. Neno Mzizi, kwa bahati, limenusurika: z inatenganisha nguzo za m na i, na ile i ya mwisho imesimama peke yake.

Na kwa herufi kubwa tupu? Nimejaribu MZIZI ili mteja aone mwenyewe, maana aliuliza. Herufi kubwa za kigothi zilibuniwa kusimama mwanzoni mwa neno zikifuatwa na ndogo. Zikipangwa tano mfululizo, mikunjo yao inagombana na neno linakuwa pambo lisilosomeka. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumtambua mbunifu aliyechagua kigothi kutoka kwenye orodha ya fonti bila kukijua.

Uamuzi wa leo: kigothi, kama kitabaki, kitabaki kwenye neno moja tu, mzizi, kwa herufi ndogo zote. Majina ya ladha na kila kitu kingine kitaandikwa kwa herufi nyofu. Kuondoa M kubwa pia kumepunguza sura ya baa, kwa sababu mikunjo ya herufi kubwa ndiyo iliyokuwa ikiita kibao cha baa kwa sauti kuliko kitu kingine.

25 Machi

Nimechora neno mzizi kwa mkono kwa kufuata Rotunda: nguzo zenye nafasi, mabega ya m yaliyoviringika, mkia wa z uliolazwa bila kujikunja chini ya mstari. Rangi ni kijani cha jani juu ya karatasi ya maziwa, chupa ni ya kioo cheupe. Juu ya jina, kwa upana uleule na kwa herufi nyofu nene, neno TANGAWIZI. Si chini, ni juu, ili lisomwe kwanza.

Kwenye jaribio la kuangalia haraka, bia haikutajwa. Kilichotajwa sasa ni dawa: sharubati ya kikohozi, mafuta ya kuchua, kitu cha duka la mitishamba. Ni afadhali, kwa kuwa tangawizi na dawa ni jirani, lakini bado si kinywaji cha kujiburudisha. Nimeongeza mchoro bapa wa tangawizi iliyokatwa, nyuzi zake zikionekana, na vipovu vya gesi vikipanda. Dawa ikapungua sana. Watu wakaanza kusema "soda ya asili" na "tangawizi ya kisasa". Neno kisasa limenifurahisha, ukizingatia herufi zenyewe zina umri gani.

28 Machi

Kwa mchapaji. Lebo itachapwa kwa fleksografia, ambapo bamba laini linabana wino kwenye karatasi, na wino husogea nje kidogo ya ukingo uliochorwa. Kwa herufi za kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa kigothi ni kubwa, kwa sababu muundo wake wote unategemea uwiano wa nguzo na nafasi.

Nimepiga hesabu pamoja na fundi wa mashine. Ukihesabu nguzo za neno mzizi kwa mpangilio uliobanana, m ina tatu, kila z ichukue mbili, kila i moja: jumla tisa. Weka nafasi moja kwa kila nguzo, unapata vipande kumi na vinane vya upana sawa. Kwenye lebo ya mbele neno lina upana wa milimita 45, kwa hiyo kila kipande ni milimita 2.5. Kwenye kifuniko cha chuma, ambacho kipenyo chake ni milimita 26 lakini sehemu bapa ni ndogo zaidi, neno linapata milimita 18, yaani kipande ni milimita 1. Nyuma, karibu na msimbo wa mistari, mteja alitaka jina lirudiwe kwa upana wa milimita 9. Hapo kipande ni nusu milimita.

Sasa chukua wino ukienea milimita 0.05 kila ukingo. Nguzo inanenepa kwa 0.1 na nafasi inapungua kwa 0.1. Mbele, 2.6 dhidi ya 2.4: jicho halioni. Kwenye kifuniko, 1.1 dhidi ya 0.9: inaanza kuwa nzito, lakini bado inapumua. Nyuma, 0.6 dhidi ya 0.4: nguzo ni nene kuliko nafasi kwa mara moja na nusu. Hiyo si Rotunda yangu tena. Imekuwa nyeusi, imefunga, na imerudi kwenye ile sura ya chale na baa ambayo tumehangaika kuikimbia. Kwa maneno mengine, herufi ileile inabadilisha maana kwa kupunguzwa tu.

"Mzee, nikikupunguzia mgandamizo, hiyo nyuma itapona?" fundi akaniuliza. Tumejaribu. Nafasi zikafunguka kidogo, lakini mistari myembamba inayounganisha nguzo ikakatika. Kwa hiyo tumeweka kanuni: chini ya upana wa milimita 18 jina halitumiki kwa Rotunda, linaandikwa kwa herufi nyofu. Kwa kifuniko nitachora toleo la pili lenye nguzo zilizokondeshwa kwa sehemu ya kumi, ili wino ukienea uirudishe kwenye uzito wake.

Jambo moja zaidi kwa atakayeshika faili hili baada yangu: neno lisivutwe ili lijae nafasi. Kigothi hakivumilii kuongezewa nafasi baina ya herufi, hata Rotunda. Mshono ukifunguka, kila herufi inabaki peke yake na neno halionekani tena. Kama nafasi ni pana, kuza neno au liache na ukingo mweupe.

2 Aprili

Sampuli zilizochapwa zimefika. Limau na Asali ziko sawa. Rangi ya Kali imetoka nyekundu kuliko tulivyokubaliana, na kwa sababu ya mazungumzo ya tarehe 17 sitaiacha ipite. Nimeomba njano iongezwe na sampuli irudiwe.

Mteja amezipanga chupa tatu mezani pamoja na chupa ya pombe ya mitishamba yenye Fraktura. Anasema sasa hazifanani kama ndugu. Ni kweli, na kwangu hilo ni sawa: moja itakaa rafu ya vileo na nyingine tatu rafu ya soda, na hakuna mnunuzi atakayezikuta zimesimama pamoja. Ameomba basi angalau kitu kimoja kiziunganishe. Nimependekeza mchoro wa mzizi uliokatwa, ule wa nyuzi, uingie kwenye lebo ya pombe pia, mdogo, kwenye shingo ya chupa.

Kilichobaki ni katoni ya chupa sita. Anataka jina lizunguke pembe mbili za katoni kwa ukubwa, na pembe itapita katikati ya z ya kwanza. Upande mmoja utabaki na m na nusu ya z, ambayo kwa Rotunda inaweza kusomwa kama r. Wiki ijayo nitakunja katoni tupu na kuandika jina kwa kalamu nione kabla hatujakata bamba.